Ahadi Mlangoni, Kazi Daftarini: Kupanga Utunzaji wa Data za Utafiti



Sisi wakazi wa Ndhiwa si wageni wa maswali. Mwaka 2012 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipita nyumba kwa nyumba katika sehemu hizi kuuliza na kupima Virusi vya Ukimwi. Lilipata kwamba kati ya watu wa miaka 15 hadi 59 waliopimwa, asilimia 24.1 walikuwa na virusi, yaani karibu mtu mmoja kati ya kila wanne. Utafiti huo ulirudiwa mwaka 2018. Majibu ya aina hiyo yakitoka nje na jina la mtu, maisha yake kijijini huharibika siku hiyohiyo. Ndiyo maana watafiti wa namna hiyo huandika, kabla ya kubisha hodi kwa mtu yeyote, karatasi inayoeleza data zitakaa wapi, nani atazishika, zitarudufiwa vipi na mwishoni zitagawiwa nani. Karatasi hiyo huitwa mpango wa utunzaji wa data.

Sasa je, mwanafunzi wa sekondari anayefanya mradi wake wa sayansi au wa jiografia ana haja nayo? Anayo, na sababu yake ni nyepesi. Mwanafunzi akisimama kwenye mlango wa mtu huahidi jambo: "Mama, majibu yako hayatajulikana." Ahadi hiyo ndiyo inayoamua mambo mengine yote. Kama umeahidi kwamba majibu hayatajulikana, basi hujiamulii tena pa kuweka daftari, wala ni nakala ngapi utoe, wala utampa nani faili. Umekwisha jifunga kwa maneno yako. Kwa hiyo mpango mzuri huanza na maneno ya mlangoni, kisha ukashuka mpaka kwenye kabati na kompyuta. Katika makala haya nitaufuata mradi mmoja wa mfano tangu mwanzo hadi mwisho ili tuone jambo hili linavyokwenda.

MRADI WETU WA MFANO

Tuseme wanafunzi wanne wa Kidato cha Tatu wanataka kujua kama namna ya kupata maji inahusiana na kuhara kwa watoto wadogo. Wamechagua kijiji kimoja kisicho mbali na Mto Kuja. Wataingia nyumba 36 zenye mtoto wa chini ya miaka mitano, nao watauliza mambo manne: maji yanatoka wapi, jerikeni za lita 20 ni ngapi kwa siku, maji hutiwa dawa au huchemshwa, na kama mtoto yeyote mdogo ameharisha katika wiki mbili zilizopita. Wataandika pia idadi ya watoto wa chini ya miaka mitano katika nyumba ile.

Hatua ya kwanza ya mpango ni kuuliza ni kitu gani hakihitajiki. Kikundi hiki kilitaka hapo mwanzo kuandika nambari ya simu, kupiga picha ya mlango wa nyumba na kuweka alama ya mahali kwenye ramani ya simu. Hebu tujiulize: simu ni ya nini? Kama hawatarudi kuuliza tena, haina kazi. Picha nayo ni ya nini? Ni ya kupendeza ubao wa maonyesho tu. Alama ya ramani ndiyo mbaya kuliko zote, kwa maana humpeleka mtu moja kwa moja mpaka uani kwa mwenye nyumba. Vyote vitatu vinafutwa. Kitu ambacho hukukiandika hakiibiwi, hakipotei, wala hakihitaji kufuli.

RIDHAA NA MIPAKA YAKE

Ridhaa ni kukubali kwa mtu baada ya kuelewa. Si sahihi peke yake. Mama akitia sahihi kwenye karatasi ya Kiingereza ambayo hakuielewa, mna karatasi lakini hamna ridhaa. Hivyo maneno yasomwe kwa Kijaluo, polepole, naye apewe nafasi ya kuuliza. Tena tusichanganye ruhusa na ridhaa. Naibu wa chifu au mzee wa kijiji anaweza kuwaruhusu kupita kijijini, lakini hawezi kukubali kwa niaba ya mama mwenye nyumba. Na ikiwa anayejibu hajatimiza miaka 18, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi wake akubali kwanza. Sheria hiyohiyo inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na swali letu la kuhara ni swali la afya.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba ridhaa ina vipande. Mtu anaweza kukubali kuulizwa leo lakini asikubali majibu yake yakae shuleni yakisomwa na wanafunzi wa mwaka ujao. Ni haki yake. Kwa hiyo kikundi chetu kinauliza mara mbili, na kila jibu linaandikwa peke yake:

"Mama, tunakuomba utujibu maswali haya kwa ajili ya mradi wetu. Tutaonyesha hesabu ya jumla tu, wala si jibu la nyumba moja. Unakubali?"

"Mradi ukiisha, tungependa kuyaacha majibu yako shuleni bila jina, ili wanafunzi wengine wajifunze kwayo. Unakubali hilo pia? Ukikataa hili la pili, la kwanza haliharibiki."

Kisha wanaongeza sentensi moja ya kujitoa: "Ukibadili nia kabla ya tarehe 31 Oktoba, mwambie mwalimu wetu, nasi tutayafuta majibu yako. Baada ya siku hiyo hatutaweza tena kujua yapi ni yako." Angalieni jinsi sentensi hiyo ilivyo ya kweli. Haisemi "wakati wowote," maana siku moja orodha ya majina itachomwa, na baada ya hapo hakuna njia ya kutafuta jibu la mtu fulani. Ahadi usiyoweza kuitimiza usiitoe.

Basi tuseme wametembea kwa siku kumi katika likizo ya Agosti. Nyumba 36 zilifikiwa. Mbili zilikataa, nao wakashukuru wakaenda zao bila kuandika chochote. Nyumba 34 zilikubali ombi la kwanza. Kati ya hizo, 22 zilikubali na la pili. Nambari hizi mbili, 34 na 22, zitatufuata mpaka mwisho wa makala, kwa hiyo zikumbukeni.

MAHALI PA KUHIFADHI

Kanuni kuu ya kuhifadhi ni kutenganisha jina na jibu. Kikundi kinatumia madaftari mawili. La kwanza ni la ufunguo: upande mmoja jina, upande wa pili nambari ya siri ya nyumba. La pili ni la majibu, na humo hamna jina, mna nambari ya siri tu. Mtu akiliokota daftari la majibu njiani, anasoma kwamba nyumba 71 hutumia jerikeni sita, lakini hajui nyumba 71 ni ya nani.

Hapa kuna mitego mitatu. Mtego wa kwanza ni nambari yenyewe. Ukizipa nyumba 1, 2, 3 kwa kufuata njia mliyopita, kila aliyewaona mkitembea na sare za shule anaweza kuhesabu nyumba tangu ya kwanza. Afadhali kuandika nambari 10 hadi 99 kwenye vipande vya karatasi, mvikoroge ndani ya kofia, kila nyumba mvute kimoja bila kukirudisha.

Mtego wa pili ni karatasi za ridhaa. Zina majina na sahihi. Mkiandika nambari ya siri juu ya karatasi hizo ili "zisichanganyike," mmeshatengeneza ufunguo wa pili bila kujua. Karatasi ya ridhaa ibaki na jina na majibu mawili ya kukubali au kukataa, lakini isiwe na nambari ya siri.

Mtego wa tatu ni wa kwetu hasa. Huku mwanamke aliyeolewa mara nyingi haitwi kwa jina lake. Ataitwa Nyar Kanyadoto kwa sababu alizaliwa Kanyadoto, au ataitwa Min Apiyo kwa sababu ana mtoto aitwaye Apiyo. Mwanafunzi akiandika pembeni mwa daftari la majibu "Nyar Kanyadoto alisema maji ni machungu," anadhani hajaandika jina. Kumbe ameandika jina ambalo kijiji kizima kinalitumia! Na Apiyo ni jina la pacha, kwa hiyo "Min Apiyo" linasema tena kwamba nyumba hiyo ina pacha. Katika mpango wetu mna mstari huu: daftari la majibu haliandikwi jina la mtu, la mtoto, la ukoo wala la mahali mtu alikozaliwa.

Ufunguo hautiwi kwenye kompyuta kamwe. Unakaa katika daftari moja kabatini kwa mwalimu mlezi, na nakala yake moja iliyoandikwa kwa mkono inakaa ndani ya bahasha iliyofungwa, ofisini kwa mwalimu mkuu. Mbona nakala? Kwa sababu ufunguo ukipotea, mama akija kujitoa hamtaweza kumtimizia ahadi. Na mbona isiwe nakala nyingi? Kwa sababu kila nakala ni mlango mwingine wa siri kutokea. Hakuna ruhusa ya kuupiga picha kwa simu wala kuutuma kwenye kundi la Wasapu, maana picha ikishaingia katika simu za watu ishirini hakuna mwenye uwezo wa kuirudisha.

Majibu ndiyo yanayoingizwa kwenye kompyuta ya maabara. Kila nyumba inachukua mstari mmoja, na kila swali linachukua safu moja. Ile ridhaa ya pili nayo iwe safu, ili isikae kwenye karatasi ikasahauliwa. Faili linaanza hivi:

```
nambari,chanzo,jerikeni,dawa,kuhara,watoto,ridhaa2
71,mto,6,hapana,ndiyo,2,ndiyo
38,kisima,5,ndiyo,hapana,1,hapana
```

Faili la kwanza likishaandikwa na kuhakikiwa na watu wawili, haliguswi tena. Mkitaka kusahihisha au kupiga hesabu, tengenezeni nakala na kuipa jina lenye tarehe, kama vile `maji_2025-09-06.csv`. Mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku, kompyuta yenyewe huyapanga mafaili kwa mfuatano wa wakati. Majina kama `maji mpya` na `maji mpya kabisa` ndiyo huleta ugomvi usiku wa kuamkia maonyesho, kila mmoja akiapa kwamba lake ndilo la mwisho.

NAKALA ZA AKIBA

Watu wa kompyuta wana kanuni inayoitwa 3-2-1. Maana yake ni kuwa na nakala tatu za data, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae mahali pengine. Kwetu inaweza kuwa hivi: nakala moja kwenye kompyuta ya maabara, ya pili kwenye flashi iliyofungiwa kabatini kwa mwalimu mlezi, na ya tatu kwenye flashi nyingine inayokaa ofisini kwa mwalimu mkuu, katika jengo lingine. Kwa nini jengo lingine? Kwa sababu mwizi akivunja maabara, au radi ikipiga waya zake, au paa lake likivuja wakati wa masika, vilivyomo humo huharibika kwa pamoja. Flashi tatu katika droo moja ni nakala moja tu iliyovaa nguo tatu.

Jambo la pili ni kwamba nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama ni nakala. Flashi zetu huzunguka huku na huku, zinapata virusi, na mara nyingine faili huonekana lipo lakini ndani ni tupu au limekatika katikati. Basi kila Ijumaa mwanachama mmoja anaifungua kila nakala na kuangalia vitu viwili: idadi ya mistari, na jumla ya safu ya jerikeni. Katika mfano wetu mistari ni 34 na jumla ni jerikeni 187. Nakala ikionyesha mistari 34 lakini jumla ni 178, hamkupoteza nyumba, ila kuna mtu aliyegusa tarakimu. Ikionyesha mistari 29, faili limekatika. Mkitaka uhakika zaidi, kompyuta yenye Windows inaweza kulipa faili alama yake ya pekee kwa amri hii:

```
certutil -hashfile maji_2025-09-06.csv SHA256
```

Itatoa mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu. Mafaili mawili yanayofanana kabisa hutoa mlolongo uleule. Ikibadilika hata nukta moja ndani ya faili, mlolongo wote unakuwa mwingine. Amri hii haiwaambii kosa liko wapi, inawaambia tu kwamba mafaili hayalingani. Ile hesabu ya mistari na jumla ndiyo inayowaonyesha pa kuanzia kutafuta.

Sasa hapa nakala za akiba zinagongana na ridhaa. Tuseme katikati ya Septemba mama mmoja anamwambia mwalimu kwamba amebadili nia. Mwalimu anafungua ufunguo, anaona nyumba yake ni 71. Mwanafunzi anafuta mstari wa 71 kwenye kompyuta na kwenda zake akidhani amemaliza. Hajamaliza! Nyumba 71 bado ipo katika faili la kwanza lisiloguswa, ipo kwenye flashi mbili, tena imo kwenye daftari la majibu. Ndiyo maana mpango lazima uwe na orodha ya mahali pote penye nakala, na sahihi ya aliyefuta kila pahali. Hiyo ndiyo sababu ya pekee ya kuligusa faili la kwanza. Nyumba ile ilikuwa na jerikeni sita, kwa hiyo baada ya kufuta, kila nakala inapaswa kusoma mistari 33 na jumla 181. Nakala inayoendelea kusoma 34 na 187 ndiyo iliyosahauliwa. Kwa hiyo hesabu ileile ya Ijumaa inayolinda data zisipotee, ndiyo inayolinda pia neno mlilompa mama. Na kwa kuwa nyumba 71 ilikuwa imekubali ombi la pili, zile 22 sasa ni 21.

KUGAWA DATA BAADAYE

Mradi umekwisha. Wanafunzi wa mwaka ujao wanaomba data ili walinganishe na za kwao. Mkiwapa faili zima la nyumba 33, mmevunja ahadi, kwa sababu nyumba 12 zilikataa ombi la pili. Hatua ya kwanza basi ni kuchuja safu ya `ridhaa2` na kubakiza zile nyumba 21.

Je, inatosha kwamba hazina majina? La. Majirani wanajua mengi juu ya nyumba ya mtu: wanaona anakoteka maji na wanajua ana watoto wangapi. Wasichokijua ni kama mtoto wake aliharisha. Mtu akiweza kuutambua mstari kwa yale anayoyaona, atasoma na lile asilolijua. Kwa hiyo tugawanye safu katika makundi mawili, zinazoonekana na za siri, kisha tuhesabu ni nyumba ngapi zinafanana katika zile zinazoonekana. Kikundi chetu kimejiwekea kwamba zisipungue tatu.

Nyumba 21 zinagawanyika hivi: mto nyumba 9, kisima nyumba 7, bomba nyumba 4, na tangi la maji ya mvua nyumba 1. Hiyo moja ni wazi kama mchana, kijiji kizima kinajua mwenye tangi. Dawa yake ni kuunganisha: tunaandika "bomba au tangi," nazo zinakuwa nyumba 5. Sasa tuongeze safu ya watoto. Tunaona nyumba za bomba au tangi zenye mtoto mmoja ni mbili tu, na zenye watoto wawili au zaidi ni tatu. Zile mbili zimepungua chini ya mpaka wetu.

Lakini angalieni hata zile tatu. Zote tatu zilijibu "ndiyo" kwa swali la kuhara. Hapo mbaya wao hahitaji kujua mstari upi ni wa nani. Akijua tu kwamba jirani yake ana bomba na watoto wawili na kwamba alikubali data zake zibaki, siri amekwisha ipata. Hili ndilo jambo ambalo hesabu ya kawaida huliacha: haitoshi watu kufanana kwa yanayoonekana, lazima pia majibu yao ya siri yawe yamechanganyika. Basi kikundi kinaiondoa safu ya watoto katika faili la kugawa. Yanabaki makundi matatu ya nyumba 9, 7 na 5, na katika kila moja kuna waliojibu ndiyo na waliojibu hapana. Safu ya nambari ya siri nayo inaondolewa, na jina la kijiji linageuzwa kuwa "Ndhiwa" tu.

Tumepoteza kitu? Ndiyo, tumepoteza. Mwanafunzi wa mwaka ujao hawezi tena kuuliza kama nyumba zenye watoto wengi zina kuhara zaidi. Hiyo ni gharama ya kweli, na mpango unapaswa kuisema waziwazi katika karatasi ya maelezo inayofuatana na faili, ili msomaji asidhani kwamba swali hilo halikuulizwa. Karatasi hiyohiyo ieleze maana ya kila safu, tarehe za kuuliza, nyumba ngapi zilikataa, na kwamba faili la kugawa lina nyumba 21 tu kati ya 33. Bila maelezo hayo, mwenzetu atapiga asilimia kwa nyumba 21 na kuzitangaza kana kwamba ni za kijiji kizima.

Swali la mwisho ni nani apewe. Kuna wanaofikiri ni ama kufunga kabisa ama kumwaga hadharani. Iko njia ya katikati. Wale Madaktari Wasio na Mipaka niliowataja mwanzoni walieleza utaratibu wao wa kugawa data mwaka 2013: anayezitaka anaomba, anaeleza anazitakia kazi gani, ombi linapimwa, ndipo anapewa kwa masharti. Kikundi chetu kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa udogo wake. Anayetaka faili anaandika barua fupi kwa mwalimu mlezi akitaja swali lake, akiahidi kutompa mwingine na kutojaribu kumtambua mtu. Asidhani mtu kwamba shule haziguswi na sheria hii. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila ridhaa ya wazazi.

MPANGO WENYEWE

Baada ya maelezo yote hayo, mpango wa kikundi chetu unaenea ukurasa mmoja, nao unasomeka hivi:

1. Tunachokusanya: chanzo cha maji, jerikeni, dawa, kuhara, idadi ya watoto. Hatukusanyi simu, picha wala alama ya ramani.

2. Ridhaa: maombi mawili, kwa Kijaluo, kila moja na jibu lake. Mwisho wa kujitoa ni 31 Oktoba. Aliye chini ya miaka 18 haulizwi bila ridhaa ya mzazi au mlezi.

3. Ufunguo: daftari moja kwa mwalimu mlezi, bahasha moja kwa mwalimu mkuu. Vyote viwili vinachomwa tarehe 1 Novemba mbele ya mashahidi wawili, nao wanatia sahihi.

4. Majibu: kompyuta ya maabara, flashi kabatini, flashi ofisini kwa mwalimu mkuu. Daftari la majibu kabatini. Hakuna nakala nyingine.

5. Ukaguzi: kila Ijumaa, mistari na jumla, na jina la aliyekagua.

6. Kugawa: nyumba zilizokubali ombi la pili tu, baada ya kuunganisha makundi na kuondoa safu zinazotambulisha. Kwa barua.

7. Mwisho: faili kamili na daftari la majibu vinafutwa na kuchomwa maonyesho yakiisha, si baada ya tarehe 31 Machi. Linabaki faili la kugawa na karatasi yake ya maelezo.

Msomaji atauliza, mbona faili kamili lifutwe ikiwa ufunguo umekwisha chomwa? Ni kwa sababu tumeona kwamba faili hilo, hata bila ufunguo, bado lina nyumba ya tangi moja na zile tatu za bomba. Ufunguo huondoa jina la mtu, lakini hauondoi umbo lake.

Wenzangu, kabla hamjampelekea mwalimu mpango wenu, ufanyieni jaribio moja. Mmoja wenu ajifanye jirani mchunguzi, apewe faili mnalotaka kuligawa, naye ajaribu kumtafuta mtu anayemjua. Akifaulu, rudini mezani mkaunganishe makundi tena. Akishindwa, peni faili jina na tarehe, mlifungie. Hapo naweka kalamu chini.

Wasalaam.